Hela Kwao, Daftari Kwangu

Mimi ni Mgogo. Nimezaliwa hapahapa Haneti, mlenda nimekula kabla sijaota meno, na Kilimanjaro naijua kwenye picha tu. Lakini kwa kuwa nina duka, kijiji kizima kinaniita Mangi. Mangi, nipimie sukari. Mangi, niandikie, nitalipa. Nikazoea. Sasa ilipofunguliwa hii supermaketi jirani yangu, hata huo Umangi nikavuliwa. Nikawa nasikia watoto wanaelekezana, "Siyo hapo, hapo ni kwa yule mzee wa zamani." Mzee! Mimi nina miaka arobaini na sita.

Usije ukafikiria supermaketi kama ile ya Mlimani City. Ni godauni lililopakwa rangi nyeupe. Lakini ndani kuna feni, kuna freji za vioo, kuna vikapu vya kubebea vitu, kuna kimashine cha kusoma bakodi kinacholia "tii". Wenyewe wana matawi Dodoma mjini. Huko mjini nasikia maduka ya namna hiyo yamejaa tangu serikali ilipohamia. Sawa, wakubwa nao lazima wanunue jibini. Mimi sikujua kama jibini itapanda basi la vumbi ije hadi kwetu. Siku ya ufunguzi watu walienda kusikiliza ile "tii" tu. Mama mmoja alinunua kiberiti, akatoka nje, akarudi kununua kingine.

Halafu angalia walivyo na akili mbaya. Walifungua mwezi wa saba.

Kwa wewe wa Dar mwezi wa saba ni mwezi tu. Kwetu ndiyo mwezi wenye hela. Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza Desemba zinaishia Aprili. Januari hadi Machi watu wako shambani, ghala limeisha, mtama mpya bado uko kwenye bua. Hapo wanakula dukani kwangu kwa daftari. Unga niandikie, chumvi niandikie, mafuta ya taa niandikie. Wakishavuna, wakauza alizeti au wakapeleka mbuzi mnadani, wanakuja kulipa. Mwaka mzima mimi natoa, mwezi wa sita na wa saba ndiyo napokea. Hivyo ndivyo duka la kijijini linavyoishi, na wala sikusomea.

Sasa mwaka huo hela ya alizeti imetoka, mimi nimekaa kaunta, nimenyoa na ndevu, nasubiri madeni yangu. Kimya. Kumbe wadaiwa wangu wote wamegundua njia ya nyuma ya shule ya msingi. Unazunguka uwanja wa mpira, unapita kwenye mbuyu, unatokea mlango wa supermaketi bila kupita mbele ya duka langu. Kile kinjia kilikuwa cha mbuzi. Kufikia Agosti baiskeli mbili zinapishana. Na huwezi hata kumkamata mtu kwa ushahidi, maana tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 watu wanabeba vitu kwenye mifuko ya kitambaa, huoni ndani kuna nini. Mtu ana deni langu la elfu thelathini na nane, kabeba mfuko umevimba, namuuliza umebeba nini, ananiambia ni kanzu ya marehemu mjomba.

Basi nikaamua kupigana. Wao sukari walikuwa wanauza kilo shilingi 2,600, mimi 2,900. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: SUKARI 2,500. Kwa herufi kubwa. Mama Neema, mke wangu, akatoka nje, akausoma ule ubao mara mbili, akaingia ndani bila kusema neno. Mwanaume ukiona mkeo hasemi neno, jua kuna hesabu zinapigwa.

Lakini biashara ilichangamka! Mfuko wa kilo hamsini ambao kwa kawaida unakaa wiki, uliisha kabla ya adhuhuri. Nikaagiza mwingine. Ukaisha. Kuna kijana mmoja na bodaboda yake, mteja wa maana sana, alikuwa anachukua kilo kumikumi, analipa taslimu, ananiita "bosi". Nikampa na karanga za nyongeza. Nikajisemea, hawa wa supermaketi watafunga kabla ya Krismasi.

Usiku Mama Neema akanikalisha. Mfuko tumenunua Dodoma kwa bei ya jumla, 130,000. Kuuleta hapa 3,000. Jumla 133,000, yaani kilo moja inatugharimu 2,660 kabla haijamwagika hata punje. Na inamwagika, maana ukipima kilo mojamoja, mizani inalalia upande wa mteja, na mfuko wa hamsini hautoi hamsini. Ukiuza 2,500 unapata 125,000. Kila mfuko ukiisha haraka, tumepoteza 8,000 haraka. "Na yule kijana wako wa boda," akasema, "ni mtunza stoo wa kule." Walikuwa wananunua sukari yangu 2,500, wanaiuza 2,600. Mimi nimekuwa muuzaji wao wa jumla, na karanga juu.

Niliumwa kichwa. Nikamuuliza, sasa wao 2,600 wanapata faida gani? Kesho yake akaingia kule na kalamu na kipande cha karatasi, mimi nikakataa kwenda kwa ajili ya heshima. Akarudi na bei. Sukari na unga, rahisi kuliko bei zangu za kawaida. Biskuti, dawa ya meno, sabuni ya unga, juisi ya boksi, zote ghali kuliko kwangu. Sukari ni chambo. Wao wanashusha lori zima, wananunua kwa bei ambayo mimi siwezi hata kuiulizia, na hata wasipopata kitu kwenye sukari haidhuru. Mtu anaingia kwa ajili ya sukari anatoka na biskuti, na faida iko kwenye biskuti. Sasa mimi nikishindana naye kwenye sukari, nashindana na chambo. Samaki mwenyewe ameshatoka kupitia mlango mwingine.

"Wewe uza wasichouza," akasema Mama Neema. Wao mfuko wao mdogo kabisa ni nusu kilo, umefungwa, una bakodi. Mwenye buku mfukoni hapiti pale mlangoni. Mimi robo nauza 800. Mafuta ya kula ya mia mbili, unaleta kikombe chako. Chumvi ya mia. Ukipiga hesabu, mfuko uleule ukiuzwa wote kwa robo unarudisha 160,000. Toa 133,000, toa na inayomwagika, bado unabaki na zaidi ya ishirini elfu. Yaani mwenye hela kidogo ndiye ananunua ghali kuliko wote. Siyo haki, najua, mimi mwenyewe vocha nanunua za mia tano. Lakini hela yake ndiyo hiyo ya leo, na saa tatu usiku godauni limefungwa, mimi nagongewa dirisha nikiwa na msuli.

Kwa hiyo bei haikuniua. Kilichotaka kuniua ni daftari. Kuna mwalimu mstaafu huwa anakuja kusoma yale magazeti ya kufungia maandazi, habari zote anazijua ila za zamani. Akanipa moyo. "Mangi, wakubwa nao wanaanguka. Uchumi ya Kenya ilifunga matawi yake Tanzania 2015. Nakumatt walinunua maduka ya Shoprite 2014, kufikia 2017 shelfu zao zina vumbi." Nikafurahi mpaka nikampa andazi. Nikasema basi na hawa nawasubiri waanguke. Mwalimu akatafuna, akaniuliza, "Unajua Nakumatt waliangushwa na nini? Hawakuwalipa waliowaletea bidhaa. Mwenye unga hajalipwa, haleti unga. Shelfu ikiwa tupu mteja haji, mteja asipokuja hulipi." Akamaliza andazi. "Wewe yule wa jumla wa Dodoma anakudai?" Nikamwambia kidogo. "Na wewe unadai?" Nikamwambia kijiji. Akasema, "Basi wao walikuwa na ugonjwa upande mmoja. Wewe una pande zote mbili." Andazi lenyewe hakulipa.

Ndipo Mama Neema akanionyesha namna ya kulipima duka. Jumamosi unahesabu vitu vitatu: hela ya kwenye droo, mzigo wa kwenye shelfu, madeni ya kwenye daftari. Jumla inaweza kubaki ileile ukajiona mzima. Lakini kama droo na shelfu vinapungua na daftari linanenepa, duka linafungwa huku wewe unalifungua kila asubuhi. Langu daftari lilikuwa limenenepa hata rababendi haifiki. Hela taslimu ya watu inaenda kwao, niandikie inabaki kwangu. Na yule wa Dodoma hapokei daftari.

Desemba ikafika, hela ya alizeti imeisha, kinjia cha nyuma ya shule kikaota nyasi. Kule ukutani wameandika HATUKOPESHI na mashine haijui kama mvua imechelewa. Wote wakarudi. "Mbukwa, Mangi!" Umangi umerudi! Nikafungua daftari kwa tabasamu, Mama Neema akalifunga. Akaweka sheria. Kwanza, lipa nusu ya deni la zamani ndiyo uandikiwe jipya; huna hela, leta kuku. Pili, mwisho elfu ishirini kwa nyumba. Tatu, vya kuandikwa ni unga, chumvi, sukari na mafuta. Soda ni taslimu. Wakanuna, wakaleta kuku. Siku hizi nafuga kuku bila kupenda, lakini mzigo wa Dodoma nalipa. Hata yule dada wa kaunta ya supermaketi anakopa kwangu kuanzia tarehe kumi na tano, na asubuhi wanamtuma kwangu kutafuta chenji za mia mia, wao hawana.

Tatizo ni kwamba Mama Neema, katika kupanga hiyo elfu ishirini, alijumlisha kurasa zote kutafuta nani anadaiwa zaidi. Akapata ukurasa mmoja umezidi wote. Soda baridi kila mchana, vocha, karanga, biskuti mbilimbili, hakuna aliyewahi kulipa. Jina juu: Mwenye Duka. Eti na mimi sheria inanihusu! Kwenye duka langu! Nilipe nusu kwanza, au nilete kuku.

Kwa hiyo mchana joto likizidi namwambia naenda msalani, nazunguka uwanja wa mpira, napita mbuyuni, naingia kule. Soda yao ni ghali kuliko yangu kwa mia. Na chenji wananipa pipi.