Muulize Mama Birika: Kibanda Kimefunguliwa, Jina Bado

Wiki hii kondakta wa basi ameniletea bahasha moja inayonuka moshi na iliki. Ndani mna barua tatu, na nyuma ya bahasha dereva naye ameandika ya kwake. Zote zimetoka Eldas, kaunti ya Wajir, na zote zinahusu kibanda kimoja cha chai. Wenyewe hawajui kwamba kila mmoja wao ameniandikia. Mimi najua, basi nawajibu hadharani wasije wakanuniana kwa siri.

Barua ya kwanza

*Eddo Birika, assalamu alaykum. Nina miaka 12, na sasa ni saa kumi na moja alfajiri. Hooyo anafungua kibanda cha chai leo, pale basi linapogeuzia. Fundi wa rangi anakuja saa moja. Jana usiku Hooyo aliniambia, "Wewe ndiye unayesoma, jina ni kazi yako," akalala. Mimi sijalala.*

*Hooyo mwenyewe anapenda Tawakal. Ayeeyo anataka Shaah Macaan, yaani chai tamu. Kaka yangu Abdi, kifungua mimba, anasema watu wataita tu "kwa Mama Abdi", kwa hiyo tuandike hivyo yaishe. Aliyasema hayo akiwa amejifunika shuka, na mpaka sasa hajajifunua. Nani ametwanga iliki? Mimi. Nani amempokea mwenye punda wa maji? Mimi. Nifanye nini kabla ya saa moja?*

*Msomi wa Alfajiri*

Mwanangu, barua yako imenifikia siku tisa baada ya hiyo saa moja yako. Nitakujibu hata hivyo, maana ushauri uliochelewa una faida yake: hauwezi kuharibu kitu.

Tawakal ni neno jema, ni kumwachia Mungu mambo yako. Lakini pande zenu neno hilo limeandikwa kwenye mabasi, maduka na hoteli, na Bismillahi na Towfiq yako vivyo hivyo. Jina la kibanda lina kazi moja: mtu akisema kwenye simu "tukutane Tawakal", mwenzake aende bila kuuliza "ipi?" Akiuliza, basi hilo limebaki dua. Dua isomwe kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, haihitaji rangi.

La Ayeeyo lina utamu wake, ila lina mtego wa herufi. Maandishi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini yalifanywa rasmi mwaka 1972, na humo herufi c husimama mahali pa ain ya Kiarabu, sauti ya kooni. Ayeeyo anaposema macaan, koo linajua pa kukaza. Lakini mwalimu aliyehamishiwa hapo kutoka Kakamega atasoma "makani", na polisi wa Kitui atasoma "machani", na kila mmoja atadhani ni jina la mtu. Neno ambalo nusu ya wateja hawawezi kulitamka, hawataweza kumwelekeza mwenzao kwalo.

Sasa la Abdi. Kwa desturi yenu mwanamke haachi jina la baba yake hata akiolewa, kwa hiyo mama yako ana jina lake kamili na hahitaji kuazima la mwanawe. Hata hivyo Abdi ana hoja: mtaa utasema "kwa Mama Abdi" upende usipende. Hiyo ndiyo sababu ya kutoliandika. Jina linalotolewa bure na mtaa, kwa nini ulilipie rangi?

Barua ya pili

*Mama Birika, mimi ni fundi wa rangi. Nimepewa ubao wa futi 4, upana wake inchi 6. Mama wa kibanda ananiambia niandike "Bismillahi Hoteli Chai ya Maziwa Mahamri na Soda Baridi". Binti yake ameketi juu ya jerikeni, ananiambia nisubiri. Mimi nalipwa kwa herufi. Nimsikilize nani?*

*Brashi Mkononi*

Fundi, kwa kuwa unalipwa kwa herufi, nashangaa umeuliza. Mungu akuzidishie.

Tupige hesabu pamoja. Futi 4 ni inchi 48. Acha inchi 2 kila upande ili herufi zisimwagike, zibaki 44. Herufi iliyonona, pamoja na pengo lake, inakula kama inchi 4. Basi ubao wako una nafasi 11, na pengo kati ya neno na neno nalo linakula nafasi moja. Maneno ya mama yana herufi 47, na ukiweka mapengo yake nane unafika 55. Ukiyabana yote kwenye mstari mmoja, kila herufi inapata chini ya inchi moja.

Mafundi wa mabango wana kipimo chao: inchi moja ya kimo cha herufi husomeka bila taabu kwa kama futi 10. Herufi ya inchi 4 itasomwa na mtu aliye futi 40, bado yuko barabarani na bado hajaamua. Herufi ya inchi moja kasorobo itasomwa na mtu aliye futi saba au nane. Huyo ameshaingia, ameshaketi, na ameshika kikombe. Unamtangazia nini?

Msikilize wa kwenye jerikeni. Nafasi 11, asizidishe hata moja. Mahamri na soda vijitangaze vyenyewe mezani.

Barua ya tatu

*Dada Birika, mimi nimefungua kibanda cha chai. Jina lake limepatikana, na ndilo linalonitia hofu.*

*Ilikuwa hivi. Maziwa ya ngamia yalifika kutoka malishoni kwenye jerikeni ya manjano. Sikuyamwaga kwenye sufuria. Kwanza nilichota kijiko, nikakichemshia pembeni, kama mama yangu alivyonifundisha. Yalichemka bila kukatika, nikajua ni mazima. Wachungaji wawili walikuwa wamesimama nje. Hawakuuliza bei wala kama kuna mahamri. Waliuliza, "Caano ma haysaa?" Una maziwa? Binti yangu akajibu, "Haa." Akaja mwalimu, akauliza kwa Kiswahili: "Maziwa yapo?" Binti akajibu, "Yapo." Akaja askari, akauliza lilelile. Mara ya tatu mtoto akaruka kutoka kwenye jerikeni, akamwambia fundi, "Andika hilo. Andika MAZIWA YAPO."*

*Fundi akahesabu kwa vidole, akacheka: nafasi 11 barabara. Nami nilifurahi. Lakini kiangazi kinakuja, dada. Ngamia huendelea kukamuliwa hata ng'ombe wakikauka, ila nao wanasogezwa mbali kufuata majani, na kuna siku jerikeni haitafika, au itafika imechacha. Siku hiyo ubao wangu utakuwa unasema uongo mbele ya watu.*

*Mama wa Sufuria*

Dada yangu, kwanza huyo mtoto mpe chai ya kwanza, na sukari aweke mwenyewe. Wengine tunakaa chumbani kutafuta jina zuri. Yeye amekaa mlangoni akasikiliza swali ambalo watu walikuwa wanaliuliza tayari, akaandika jibu. Mtu akisoma jibu la swali alilokuja nalo, hana haja ya kupitiliza.

Na kijiko chako nakisifu kuliko ubao. Wasomaji ambao hawajui, sikilizeni: maziwa yaliyoanza kuchacha yanaweza kuonekana mazuri yakiwa baridi. Jiko ndilo linaloyafichua. Asidi iliyokwisha kujijenga humo inakutana na moto, maziwa yanakatika, na ya ngamia huelea vipande vidogo vidogo badala ya kuganda bonge. Ukigundua kwenye kijiko, umepoteza kijiko. Yaliyobaki unayaacha yachache vizuri yawe suusac, nayo ina wanywaji wake. Ukigundua kwenye sufuria, umepoteza maziwa, majani, sukari na wateja wa asubuhi. Ila usichanganye kukatika na harufu ya moshi. Vyombo vya maziwa hufukizwa kwa vijiti vinavyofuka, na ladha ile wenyeji huitafuta. Ni mgeni tu atakayedhani umeunguza chai.

Kuhusu hofu yako, una haki. Jina linaloahidi kitu hupimwa kila siku, na Tawakal hawezi mtu kuirudisha akidai haikuwepo. Ushauri wangu ni huu: punguza ahadi. Mwambie fundi afute, aandike CHAI IPO. Ni nafasi nane tu, na majani na maji hukosi. Siku ya maziwa unauza shaah cadays, siku ya ukame unauza bigays, ile ya rangi, na ubao hausemi uongo.

Nyuma ya bahasha

*Mimi ni dereva. Ubao nimeusoma kabla sijakanyaga breki. Lakini nilipolipa kwa M-Pesa, simu ikaniletea jina la mwanamke nisiyemjua. Nikasita, nikadhani nimekosea namba, abiria wakapiga kelele. Waambie.*

Nimewaambia. Mama, kwa sasa unapokea kwa namba yako mwenyewe, ndiyo maana mlipaji anaona jina la kitambulisho chako. Ukiomba till ya Lipa na M-Pesa, jina la biashara ndilo litakalojitokeza. Ujaze lilelile la ubaoni, herufi kwa herufi, na lilelile kwenye kibali cha biashara cha kaunti. Ndiyo maana jina liamuliwe kabla ya fomu. Kupaka rangi upya ni kazi ndogo, lakini kubadilisha karatasi ni kazi ya siku nyingi na foleni nyingi.

Barua iliyokuja baadaye

Nilikuwa nimeshaikunja safu hii na kuwatangulizia majibu kwa mkono wa kondakta, aliporudi na barua hii.

*Eddo Birika, Hooyo amenisomea ushauri wako wa CHAI IPO. Nimekushukuru, lakini tumekataa. Chai ipo kila mahali. Hakuna anayetembea kutoka malishoni kuuliza kama chai ipo.*

*Tumefanya hivi. Fundi amekata ubao vipande viwili. MAZIWA imepigiliwa misumari. YAPO inaning'inia kwa nyaya mbili, na nyuma yake ameandika KESHO. Ina herufi tano, kwa hiyo amezibana kidogo, na hiyo ya tano hakuitoza. Hooyo akichemsha kijiko na maziwa yasikatike, tunageuza YAPO. Yakikatika, au jerikeni isipofika, inabaki KESHO.*

*Juzi ilibaki KESHO. Nilidhani watu watapita. Wachungaji walisoma, wakacheka, wakaketi, wakanywa bigays, wakauliza kesho saa ngapi. Ayeeyo hajui kusoma, lakini anasema ubao unaogeuka ni wa kweli kuliko mtu.*

*Abdi sasa anasema kibanda ni chake, kwa sababu watu wanaita kwa Mama Abdi. Hooyo amekubali. Amesema basi mwenye kibanda ndiye atakayegeuza ubao, na ubao hugeuzwa kijiko kinapochemka, saa kumi na moja alfajiri.*

*Msomi wa Alfajiri*

*Nimesahau: sasa mimi nalala mpaka saa kumi na mbili.*