Sifa za Baba Mwenye Nyumba

Masultani wamesifiwa na washairi, matajiri wamesifiwa kwenye taarabu. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hana wa kumsifu, na hiyo ni dhuluma. Nani mwingine hukutoza kodi ya miezi sita kwa mkupuo ili akufundishe kubana matumizi? Nani hujua, akiwa kitandani kwake, kwamba chumba cha tatu wanapiga pasi, na LUKU ikiisha akatokeza uani na jina la mhalifu?

Sasa wema wake umefurika. Anataka nyumba nzima tuvute intaneti moja, tuchangie. Tulitarajia hesabu kama ile ya maji, ambayo haijawahi kuonekana na mtu. Kumbe kaiandika ukutani kwa mkaa: nusu ya bili inagawanywa sawa kwa kila kaya, naye akiwemo, nusu nyingine inafuata mafungu. Simu ni fungu moja, runinga mafungu mawili.

Bili ni shilingi 60,000 na kaya ni sita, kwa hiyo kila kaya inaanza na 5,000, kwa sababu laini hulipiwa hata ukiwa safarini. Mafungu yote ni 15, na 30,000 iliyobaki inafanya kila fungu kuwa 2,000. Kapera mwenye simu moja analipa 7,000. Mama Asha, mwenye simu mbili na runinga, analipa 13,000. Alipong'aka, mheshimiwa alimjibu kwa upole wa kadhi: picha safi ya mpira hula kama megabiti tano kwa sekunde, na laini yetu ni ya 20. Runinga nne zikiwaka pamoja, meseji ya kapera inakaa foleni.

Ujanja upo, bila shaka. Mtu anaandikisha simu moja, kisha anaigeuza mnara wa kuwagawia wanawe. Ruta inaona simu moja tu. Hapo ndipo sikio lililozoea kunasa pasi linapopata kazi mpya. Kubadilisha nywila kila tarehe mosi hakutoshi, maana aliyelipa atamnong'oneza asiyelipa. Yeye ameiamuru ruta ipokee vifaa vilivyoandikishwa tu, basi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba hii, daftari la madeni lipo wazi kwa wote, na jina lake limo: 11,000, kalipa.

Doa ni moja. Ruta ameiweka sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, nasi wa vyumba vya uani tunaifikia kupitia kuta mbili za tofali, kwa hiyo tunalipia fungu zima na kupata makombo. Baba, ihamishie koridoni, juu ya mlango wa katikati. Elfu saba yangu nitaitoa bila kununa.