Mnyenyekevu Aliyejisifu Mwenyewe

Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwaka 2014 na mshairi Trésor Nzengu Mpauni, likikaribia, wanyenyekevu huongezeka kambini. Kila msanii anatoa wasifu wake: “Ni kijana mnyenyekevu, mwenye kipaji cha pekee, kipenzi cha vijana.” Aliyeandika ni nani? Kijana mwenyewe. Nafsi ya tatu imemwazima shahidi asiyekuwepo.

Kipimo ni chepesi. Soma kwa sauti ukibadili nafsi: “Mimi ni kijana mnyenyekevu, mwenye kipaji cha pekee.” Jirani atacheka. Lakini “Nilijifunza gitaa kwa kuazima la kanisa” inabaki imara, kwa sababu ni tukio, na “mimi” husimulia tukio vizuri kuliko sifa.

Kisha anakuja mwandishi kutoka Lilongwe, kilomita kama 45, na “mimi” yake ndani ya daftari. Makala inahusu fundi cherehani, ila aya tatu za mwanzo ni vumbi la barabara, moyo wa mwandishi ulioguswa, na chozi lililomdondoka. Fundi anaingia aya ya nne, tayari tumeshamhurumia mgeni.

Angeandika tu, “Hushona sare usiku, kwa sababu mchana wateja hupiga soga,” msomaji angemwona fundi mwenye kazi na ucheshi, si mkimbizi wa kupigwa picha.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, “mimi” yako iweke pale tu uliposhuhudia jambo linalomhusu fundi. Chozi lako lipeleke nyumbani.