Shangazi wa Njia Panda: Magunia Chini ya Kitanda

*Shangazi, shikamoo. Nimepanga chumba ndani ya nyumba ya mama mmoja hapa Misigiri. Tunatumia mlango mmoja, choo kimoja na luku moja. Niliingia tarehe 1 Machi, nikalipa miezi mitatu kwa mpigo, 30,000 kwa mwezi. Ninauza chai kwa abiria pale barabara ya Kiomboi inapoachana na ile ya Nzega, kwa hiyo narudi usiku. Tarehe 10 Aprili mama kaniambia Jumamosi nihame. Kosa langu: nimegonga mlango saa sita. Ana haki?*
*Mchemsha Chai*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu, nieleze: chini ya kitanda chako kuna nini? Najua, maana barua yako ina ukurasa wa pili. Kuna magunia manne ya alizeti, na mama huingia kuyakagua apendapo, hata ukiwa umelala.

Hayo magunia ndiyo kesi yenyewe. Mwaka 1985 majaji wa juu wa Uingereza, katika kesi ya Street na Mountford, walikuta karatasi iliyosema "ruhusa ya kukaa". Wakasema karatasi iite itakavyo. Kama mkaaji amepewa chumba kiwe chake, kwa muda na kwa kodi, huyo ni mpangaji. Asiye mpangaji ni yule ambaye mwenye nyumba anamhudumia na anaingia chumbani bila kuzuiwa. Uamuzi huo hauwafungi majaji wetu, ila sheria yetu ya pango imekulia katika mizizi hiyohiyo.

Mpangaji kamili wa mwezi hadi mwezi analindwa na Sheria ya Ardhi ya 1999: notisi isipungue kipindi cha kodi, na iishie siku ya kulipa. Wewe unayelala na alizeti ya mwenzio uko karibu zaidi na mgeni anayelipa. Kwako notisi ni ile mliyokubaliana, nayo huwa fupi, kwa sababu mtu hawezi kulazimishwa kula meza moja kwa miezi na asiyeongea naye. Msipokubaliana chochote, iwe ya muda wa kutosha kutafuta pengine. Siku tatu, hadi Jumamosi, hazitoshi hata kupata mkokoteni.

Na fedha je? Tuseme mama akubali siku 14 kuanzia tarehe 10. Unatoka tarehe 24 Aprili. Zimebaki siku sita za Aprili, kwa 1,000 kila siku ni 6,000, na Mei nzima 30,000. Anakurudishia 36,000, siku ya kukabidhi ufunguo, si "nikiuza alizeti". Akigoma, anza kwa mtendaji wa kijiji. Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa 36,000 litakula nauli kubwa kuliko deni.

*Dada yangu, nina kijana mpangaji, mpole lakini ananiamsha usiku. Nimeandika kanuni 19 nikazibandika mlangoni. Kavunja ya 4 (mlango ni saa nne), ya 11 (asifukuze kuku) na ya 17 (asichaji simu mbili). Nimtoe vipi?*
*Mwenye Nyumba, Misigiri*

Dada, barua yako imefika kwenye bahasha ileile ya kijana. Mmekopeshana stempu lakini hamsemeshani.

Kanuni zako ulizibandika baada ya kupokea 90,000. Huwezi kumfukuza kwa kanuni asiyokubali alipolipa. Andika karatasi mbili. Ya kwanza ni makubaliano: chumba kipi, kodi, luku mnagawanaje, notisi ya siku 14 kwa pande zote, na kodi iliyobaki kurudishwa. Isainiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ya pili ni kanuni, tano tu, na kila moja iseme adhabu yake. Kuvuta sigara chumbani au kumleta mtu akae kunaweza kumaliza makubaliano. Kufukuza kuku ni kuonywa, na kuku naye akatazwe kuingia chumbani.

Kuhusu saa sita, kinachokuamsha ni komeo lako la ndani. Weka kitasa, mpe ufunguo wa pili, mwisho wa usingizi mbovu. Ukiona bado humtaki, mpe notisi kwa maandishi yenye tarehe ya kutoka. Usibadilishe kitasa akiwa stendi, usikamate birika lake. Ndani ya kipindi hicho vitu vyake ni vyake.

Na magunia hayo, dada, yahamishie chumbani kwako. La sivyo yalipe nusu ya kodi, maana yanachukua nusu ya chumba na hayarudi usiku.