Vikaragosi Watano wa PP1, Kuanzia wa Tano Hadi Bingwa

Tunahesabu kurudi nyuma, jinsi mwalimu wa chekechea afanyavyo darasa likimshinda kelele: tano, nne, tatu… Washindani wote wametengenezwa kwa vitu vinavyotupwa kila siku hapa Kiganjo, Thika. Kigezo ni kimoja: katika kipindi cha dakika 30, nani ameongea zaidi, mtoto au mwalimu?

5. Bwana Pakiti

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 28, 2017, karatasi imepanda cheo. Pakiti ya unga ikikung'utwa vizuri (vizuri hasa, la sivyo kikaragosi atapigisha darasa zima chafya) tayari ni mwili. Ilaze, kitako chake ukikunje kije mbele. Hicho kikunjo ndicho kichwa. Mdomo wa juu huchorwa ukingoni mwa kikunjo, wa chini kwenye pakiti yenyewe, palepale ukingo unapoishia, na ulimi mwekundu hufichwa katikati. Ukichora mdomo wote juu ya kikunjo, kikaragosi atatikisa kichwa mwaka mzima bila kufumbua kinywa.

Tena pima mkono. Vidole vya mtoto wa miaka minne havifiki kwenye kikunjo cha pakiti kubwa. Kilo mbili ni ya mwalimu, kilo moja ni ya mtoto, ugali ni wa wote.

4. Soksi Mjane

Kila nyumba ina soksi ya shule iliyofiwa na mwenzake. Vidole vinne juu, gumba chini, kisigino cha soksi mgongoni mwa mkono, na ncha ya mbele isukumwe ndani hadi ifanye kinywa. Weka alama za macho mkono ukiwa ndani. Ukizitia soksi ikiwa mezani, macho hujikuta shingoni. Shona macho kwa uzi. Kifungo cha shati kinapendeza, lakini kikichomoka huishia kinywani mwa mtoto.

3. Msema Silabi

Hapa ndipo mafundi hutengana na wapiga makofi. Wengi hufumba mdomo wa soksi kwa kila neno, hata mtu akadhani inatafuna maneno badala ya kuyatoa. Fungua kwa kila silabi: su-ngu-ra, mara tatu. Kiswahili kinakubali mchezo huu kwa sababu silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na irabu hutaka kinywa wazi. Kwa "mtu", m- itamke kinywa kimefumbwa, kisha fungua kwa -tu. Watoto huanza kuhesabu silabi kwa macho kabla hawajaambiwa silabi ni nini.

Kazi yote ni ya gumba: lishushe, vidole vya juu vitulie. Vikiinuka, kikaragosi ataongea na mabati ya paa na kuwasahau watoto.

2. Mnong'onaji

Huyu hasemi na darasa. Humnong'oneza mwalimu, naye mwalimu husema, "Eti hajakuelewa, hebu mwambie tena." Wanaoogopa soksi yenye meno, waanzishie kwake. Kwanza waishike ikiwa tupu, waone hakuna mtu ndani.

1. Fisi Asiyejua Kitu

Bingwa wetu! Mwalimu anajua kila kitu, kwa hiyo watoto hawana la kumwambia. Fisi hajui lolote.

"Nimeona mbuzi sokoni Madaraka, ana miguu miwili!"

"Minne!" darasa linalipuka.

Hilo bado ni neno moja. Fisi mjanja huuliza lisilojibika kwa neno moja: "Miwili inatosha kutembea. Ile mingine ni ya nini?"

Kwenye kona kuna mtoto asiyemjibu mwalimu. Fisi anamsogelea, akishuka hadi usawa wa macho yake. Mwalimu anamtazama Fisi, si mtoto, maana jicho la mtu mzima ndilo linalomfunga ulimi. Anahesabu hadi tano kimoyomoyo bila kujaza ukimya.

"Mbuzi iko na miguu nne," mtoto anasema.

Usimsahihishe. Fisi anashangaa tu: "Kumbe mbuzi ana miguu minne!" Mtoto amesikia umbo sahihi, na hajaaibishwa.

Sasa mpe mtoto Sungura, kikaragosi wa pakiti ya kilo moja. Mpe yeye peke yake. Vikaragosi wawili huzungumza. Wakiwa kumi huanza kung'atana, na hadithi imekwisha. Mtoto anajificha nyuma ya karatasi, masikio ya Sungura yanatikisika.

"Lakini Sungura," Fisi anauliza, "hiyo mingine miwili ni ya nini?"

"Ni ya kukutoroka wewe!"