Sifa za Ada Isiyojua Kuaga

Wapo wanaoitukana ada ya jimu inayoendelea kukatwa baada ya mwanachama kujitoa. Mimi naisifu. Mwalimu wa mazoezi hukusahau baada ya wiki mbili, lakini ada hukukumbuka kila tarehe 5, uwe mzima au umelazwa.

Na mpaka kwake si kitu! Mkazi wa Rubongi, wilayani Tororo, anayefanya mazoezi Busia upande wa Kenya hana budi kupita kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2018, apange foleni, aonyeshe hati. Ada haipangi foleni. Inatoka kwenye akaunti yake ya Uganda, inageuzwa shilingi za Kenya, na benki inajimegea chake kwa kuibadilisha.

Shujaa huyu ana adui mmoja: ujumbe mfupi wenye tarehe. Kufoka mapokezi hakumtishi. Tuseme mkazi wetu alijitoa kwa baruapepe Machi 3, na mkataba unataka notisi ya siku 30. Mei 6 anaandika:

“Nilijitoa kwa maandishi Machi 3, nakala nimeambatisha. Notisi iliisha Aprili 2. Hata hivyo mlikata shilingi 3,000 za Kenya Aprili 5, na 3,000 nyingine Mei 5. Simamisheni makato, mnirudishie 6,000 kufikia Mei 20, na mnithibitishie yote mawili kwa maandishi.”

Makato ya Machi 5 hakuyagusa, maana yalikuwa ndani ya notisi. Angeyadai, jimu ingepata la kubishania mwezi mzima na kuyaacha yale mawili yasiyo na utetezi.

Ada ina mawakili wake. Watamjibu kwamba lazima afike mwenyewe kujaza fomu. Hapo asome mkataba: ukisema notisi ya maandishi tu, baruapepe ni maandishi, na fomu ni kanuni iliyozaliwa asubuhi hiyo. Ukiitaja fomu, aijaze, lakini aambatishe ile ya Machi 3.

Kisha aende benki, na hapa wengi hukosea mlango. Ikiwa yeye ndiye aliyeagiza benki ilipe kila mwezi, jimu haiwezi kulifuta agizo hilo hata ikitubu, analifuta mwenyewe. Ikiwa aliwapa jimu namba ya kadi wajichotee, aiandikie benki kwamba ameondoa idhini na anayapinga makato yale mawili. Kuiacha akaunti tupu ni ujanja wa gharama, kwani benki nyingine hutoza faini kila malipo yanaposhindikana.

Kwa hiyo Juni 5 ikipita kimya, wanaoisema vibaya ada hii wakumbuke jambo moja la haki: haikuwahi kuchelewa.