Msiba wa Mkate wa Kumimina

Video yenyewe haikuwa na kasoro. Sufuria imepakwa mafuta na kupata moto, kisha uji wa mchele uliosagwa kwa tui zito, sukari, hamira na iliki unamiminwa taratibu mpaka unagusa kingo. Unakuja mfuniko, yanapangwa makaa juu ya mfuniko, na mwisho mkate unapinduliwa kwenye sinia, rangi imekolea, mvuke unapaa. Mpikaji ni mama wa makamo wa Tandika, Dar es Salaam, na aliyeshika simu ni mpwa wake, binti anayeuza vijora mtandaoni na kujua mawili matatu ya biashara hiyo. Kapsheni, hata hivyo, shangazi alisema ataiandika mwenyewe. Biashara ni yake, na wateja ni watu wazima wanaohitaji kusemeshwa kwa adabu.

Akaandika hivi: "Kwa masikitiko makubwa napenda kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote wa karibu na wa mbali kuwa wiki iliyopita wengi wenu mlikosa mkate wa kumimina kwa sababu oda zilijaa mapema. Basi Mungu akipenda Ijumaa hii tutapika tena, mkate mzima wa nazi halisi na iliki ni shilingi elfu kumi na tano, agizeni kabla ya Alhamisi jioni, tunapatikana Tandika, karibuni sana."

Ukiisoma yote, huna la kumlaumu. Bidhaa imo, bei imo, siku imo, mahali pamo, na masikitiko yana sababu yake. Tabu ni kwamba kwenye video fupi hakuna anayeisoma yote. Instagram inapojaza video kwenye kioo kizima, kapsheni husukumwa pembeni chini, ikaachiwa kipande cha mstari, kisha vinafuata vidoto na neno la kubonyeza ili kuona zaidi. Kwenye simu ya mpwa kipande hicho kilikuwa hiki: "Kwa masikitiko makubwa napenda kuwatangazia ndugu, jamaa…"

Aliyekulia nyumba yenye redio ya taifa, saa ya matangazo ya vifo, hahitaji kubonyeza chochote. Maneno hayo ameyasikia tangu utotoni na mwisho wake anaujua. Juu ya maneno hayo kuna mama aliyejifunga kanga, ameinamisha kichwa juu ya sufuria kubwa, hasemi neno. Watu wa msibani hawapikiwi mkate wa kumimina, lakini nani atachunguza sufuria wakati wa majonzi?

Komenti ya kwanza ilikuwa "Innalillahi." Ya pili, "Nani tena jamani?" Mmoja aliuliza mazishi ni saa ngapi na maiti inatokea wapi. Mwingine, mteja wa siku nyingi, hakuuliza kitu. Alituma ubani kwa simu, shilingi elfu tano, na ujumbe wa "pole sana, Mungu awape subira". Shangazi alizipokea akidhani ni kianzio cha oda, akajibu, "Ahsante, bado elfu kumi." Inasemekana mteja huyo alinyamaza kwa muda mrefu.

Mpwa alipopiga simu alianza na shikamoo, maana hata balaa lina utaratibu wake.

"Marahaba, mwanangu. Umeona watu walivyoitikia?"

"Nimeona, Shangazi. Wanauliza msiba uko wapi."

Jioni hiyo wakakaa barazani na kapsheni mikononi. Kitu cha kwanza alichofanya mpwa ni kuhesabu. Kapsheni nzima ilikuwa herufi 366, nafasi na alama zikiwemo, na kipande kilichoonekana kilikuwa herufi 56. Neno "mkate" lilianzia herufi ya 136. Hata kwenye ukurasa wa kawaida wa Instagram, ambako huonekana takribani herufi 125 kabla ya kukatwa, mkate usingefikiwa. Mtu angeishia kuambiwa kuwa kuna jambo lilitokea wiki iliyopita.

Shangazi alikuwa na hoja. Kama hawataki watu waandike sana, mbona wametoa nafasi kubwa hivyo? Na kweli, nafasi imekuwa ikiongezwa tu. TikTok ilikuwa na herufi 300, na mwaka 2022 ikafika 2,200, kiasi kilekile cha Instagram. Kinachosahaulika ni kwamba ghala ndilo lililopanuliwa. Dirisha la mbele limebaki palepale, kwa sababu upana wa kioo cha simu haukuongezeka na video haitaki kuzibwa.

Hapo mpwa akamkumbusha jambo. Enzi ambazo ujumbe mfupi wa simu ulikuwa na herufi 160, na ukizidisha unakatwa hela ya ujumbe wa pili, shangazi huyuhuyu aliandika: "Nimefika. Nazi 40 zipo. Tuma mtu stendi." Hakuna salamu, hakuna masikitiko, na nazi zilipokelewa zote. "Zile zilikuwa hela," shangazi akajitetea. Hakutaka kusikia kwamba hizi nazo ni hela.

Basi wakaanza kukata. Masikitiko yaliondoka bila ubishi. Wiki iliyopita nayo ikaondoka, kwa kuwa aliyekosa anajua alikosa, na asiyejua hana haja ya kuhuzunishwa. Ubishi ulikuja kwenye jina la chakula. "Kwani hawaoni?" shangazi aliuliza. "Mkate ndio huo unamiminwa mbele ya macho yao." Mpwa alikuwa na majibu mawili. Moja, mtu wa bara ambaye hajawahi kuuonja huuona akadhani ni keki, au vitumbua vilivyoungana. Pili, programu hizi hutumia maneno ya kapsheni kujua video inahusu nini. Anayetafuta "mkate wa kumimina" huletewa video zenye maneno hayo, na uji mzuri usio na jina huachwa nyuma. Jina likabaki, tena mwanzoni kabisa.

Kapsheni mpya ikatoka hivi: "Mkate wa kumimina Tandika, Ijumaa hii. Oda mwisho Alhamisi saa 12 jioni." Chini yake, mstari mwingine, bei na namba ya simu. Instagram inaruhusu kuhariri maandishi bila kufuta video, kwa hiyo waliibadilisha palepale, komenti za rambirambi zikabaki zimening'inia chini ya mkate.

Haikupita nusu saa, mteja akaandika: "Mbona mapema hivi? Jana ulisema mnapokea." Mpwa alishangaa mpaka alipoiangalia kwenye kioo. Mstari ulikuwa umekatika hapa: "Mkate wa kumimina Tandika, Ijumaa hii. Oda mwisho…" Aliyesoma alielewa kuwa oda zimefungwa, na kwa herufi alizopewa alikuwa sahihi kabisa.

Hili ndilo jambo ambalo waandishi wa kapsheni hujifunza kwa kuumia. Kufupisha peke yake hakutoshi, kwa sababu kisu si chako na hujui kitapita wapi. Hakuna namba moja ya herufi inayofaa simu zote. Kinachopimwa ni nafasi kwenye kioo: "m" na "w" ni nene, "i" na "l" ni nyembamba, simu moja ni pana na nyingine finyu. Shangazi mwenyewe amekuza maandishi ya simu yake kwa ajili ya macho, kwa hiyo kwake mstari uliishia "Mkate wa kumimina Tandika, Ijumaa…" Yeye ndiye aliyekuwa akishangaa watu wanalalamikia nini, maana kwake kila kitu kilikuwa sawa.

Kwa hiyo mpwa akaanza kupima kwa kidole gumba. Aliandika mstari, akaufunika kuanzia kulia, akawa anaurudisha kidole nyuma neno moja moja. Kila kidole kiliposimama aliuliza: mtu akisoma mpaka hapa tu, ameambiwa ukweli? "Oda mwisho" ilifeli. "Oda hadi" ilipita, kwa sababu sentensi inabaki wazi, inasubiri siku, na haimfungii mtu mlango. Mkato mmoja tu ndio ulioleta matatizo, nao ukatibiwa kwa neno fupi zaidi.

Kosa la pili lilichelewa kujitokeza. Siku za mkate zilishapita, wateja wakala, sinia zikaoshwa, na bado simu ziliendelea kuingia: "Nahitaji miwili ya Ijumaa hii." Video fupi hazipangwi kwa tarehe kama magazeti mezani kwa muuzaji. Mtu huletewa kile ambacho programu inahisi atakipenda, hata kama kiliwekwa majuma kadhaa nyuma, na tarehe hujificha mahali ambapo hakuna anayeangalia. "Ijumaa hii" humaanisha Ijumaa ya msomaji. Shangazi alipika Ijumaa mbili ambazo hakuzipanga, kwa kuona haya kuwakatalia watu, kisha akasema afadhali iwe kila Ijumaa rasmi kuliko kuviziwa.

Mstari ukawa: "Mkate wa kumimina Tandika kila Ijumaa, oda hadi Alhamisi". Herufi 56 kamili. Kwenye simu ya mpwa uliingia wote, na kwenye simu ya shangazi ulikatika mahali pasipodhuru. Salamu hazikutupwa. Zilihamishiwa kwenye komenti ya kwanza na kubandikwa juu, na humo shangazi alipewa uhuru wa kuwatakia heri wa karibu na wa mbali kadiri roho yake inavyotaka.

Limebaki suala la bei. Bei ipo kwenye mstari wa pili, nyuma ya vidoto, na kila siku wanaingia watu wanaoandika neno moja: "Bei?" Mpwa anasema waachwe wabonyeze. Shangazi, ambaye mwanzoni alitaka bei ziulizwe faraghani kama wafanyavyo wenzake, sasa amechoka kujibu, na amekuja na mstari wake: "Mkate wa kumimina Tandika 15,000, kila Ijumaa." Mpwa akaweka kidole gumba. Kisu kikipita vibaya, alisema, kuna mtu ataona "Tandika 15" na kufika na sarafu mkononi.

Shangazi akaichukua simu, akavaa miwani, akaandika upya: "Mkate wa kumimina Tandika elfu 15, kila Ijumaa." Akaufunika mwenyewe kwa kidole, neno moja moja kutoka kulia, mpaka kwenye "elfu". Akatulia hapo. "Akiishia hapa," alisema, "atajua ni maelfu. Akija na pungufu ya hapo, huyo alikuwa na nia yake tangu nyumbani." Alhamisi imeondolewa mstari wa kwanza kupisha bei, na mpwa bado hajakubali.